Kurudisha telefone si kufunga deni



Mjini, Katuba ao Kenya, vijana wengi tunachukua telefone kwa kulipa polepole. Kuna jambo moja ambalo magazini haitwambii siku ya kusaini: kama kampani ingine ndiyo inakopesha makuta, uko na kontra mbili. Moja ya kununua, na magazini. Ingine ya deni, na kampani. Ukirudisha kitu, umegusa ile ya kwanza tu.

Tuseme telefone ni dola 180. Umetoa avansi ya 60, kampani imelipa magazini 120 zilizobaki, na wewe unairudishia 20 kila mwezi. Tuache riba pembeni. Kisha miezi miwili ekran inazima yenyewe. Magazini inapokea telefone, inakwambia kwa mdomo: «Shida imekwisha.» Mwezi wa tatu, mesaji inaingia: uko na deni ya dola 20. Kampani haijui kama umerudisha kitu, na magazini ingali na makuta yote 180.

Hesabu ya haki iko hivi. Magazini inakurudishia 60 za avansi, na kampani inarudishiwa 120 zake. Kampani inafuta 80 zilizobaki na inakurudishia 40 ulizokwisha kulipa. Unatoka na dola 100, bila deni.

Sheria inasema nini? Dekre ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya kontra ingali inatumika kwetu. Kama kitu kilikuwa na ubovu uliofichika tangu siku ya kuuzwa, mununuzi anachagua: anakirudisha na kupata bei yake, ao anakibakisha na kurudishiwa sehemu ya bei. Lakini anapashwa kudai haraka, bila kukaa miezi. Na kama ni wewe uliangusha telefone, ao umeichoka tu, dekre haikusaidii: article 33 inasema kontra ni sheria kwa wale walioifanya. Hapo inabaki tu kile mulichoandika.

Kwa hiyo, usiache telefone kwenye komptwari bila karatasi. Mbele ya kuitoa, fanya *#06# na uandike namba ya IMEI. Karatasi iwe na ile namba, tarehe, ubovu wenyewe, makuta ambayo kila mtu atarudisha, na sinyatire ya magazini. Siku ile ile peleka kopi kwa kampani, wapige kashe kwenye ile yako, na udai barua inayosema deni imefungwa. Hata wakikupa telefone ingine, kontra ibadilishwe, juu ingali na IMEI ya ile ya zamani.

Tunaomba wenye magazini na kampani za mikopo ya Lubumbashi waandike ndani ya kila kontra mstari mmoja wazi: kitu kikirudi, nani anamujulisha nani, na katika siku ngapi deni inasimama. Kontra isiyo na ule mstari, tusiisaini.