Mshahara wa Meneja Upimwe kwa Ndoo ya Mfanya Usafi



Chukulia shirika la kubuni lenye ofisi kuu mjini Mbarara na kituo katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Meneja wake hulipwa shilingi 6,000,000 kwa mwezi. Wafanya usafi 10, baadhi yao wakimbizi, hulipwa 250,000 kila mmoja. Ukiuliza sababu, utajibiwa: meneja amesoma, na ana majukumu mazito.

Jibu hilo halitoshi. Mwanafalsafa John Rawls, katika kitabu chake cha mwaka 1971, alitoa kipimo kigumu zaidi, yaani kanuni ya tofauti: pengo la kipato ni halali pale tu linapomnufaisha kadiri iwezekanavyo aliye chini kabisa. Hatuulizi meneja anastahili nini. Twauliza: pengo likipunguzwa, je, mfanya usafi ataumia?

Tulipime. Tumshushe meneja hadi 4,000,000. Iwapo ataondoka, asipatikane mwingine wa kufaa, wafadhili wakajitoa na kituo kikafungwa, mfanya usafi atapoteza hata zile 250,000. Hapo pengo lina utetezi. Lakini iwapo atabaki, au atapatikana mwingine hodari kwa 4,000,000, zile 2,000,000 zilizookolewa zikigawanywa kwa watu 10 zitampa kila mmoja 200,000 zaidi. Atapokea 450,000. Basi sehemu hiyo ya mshahara haikuwa na haki hata siku moja.

Nao mzigo wa kuthibitisha ni wa anayepokea kingi. Mwanafalsafa G. A. Cohen alionya kwamba meneja asemaye “nisipolipwa hivi nitaondoka” anageuza uchaguzi wake mwenyewe kuwa sheria ya maumbile.

Jihadhari pia na hila moja. Shirika huwahamishia wafanya usafi kwa mkandarasi, kisha likajigamba kwamba katika orodha yake ya mishahara hakuna maskini. Aliyefutwa kwenye karatasi bado anafuta sakafu ileile, mhesabu.

Wapo watakaopinga kwamba Rawls aliikusudia kanuni hii kwa mfumo mzima wa jamii, si kwa shirika moja moja. Ni kweli: alitegemea sheria na kodi zifanye kazi hiyo. Lakini tazama sheria yetu. Kima cha chini cha mshahara nchini Uganda kiliwekwa mwaka 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi. Bunge lilipitisha muswada wa kukirekebisha mwaka 2019. Rais akakataa kuutia sahihi. Pale sheria iliponyamaza, bodi inayopanga mishahara ndiyo mfumo wenyewe kwa anayeshika ufagio.

Kwa hiyo, msomaji uliye mjumbe wa bodi, bajeti ijayo ikiletwa mezani, usiidhinishe nyongeza ya meneja kabla hujaelezwa, kwa hesabu, mfanya usafi wa Nakivale atapungukiwa nini ukiikataa.