Si Kila Upele ni Sabuni

Wasee, kuna tabia moja inanikera. Mtu akiamka na upele, jibu liko tayari: "Ni ile sabuni mpya." Rumeti wangu alisema hivyo mwaka jana na nusura tumpoteze.

Jumamosi alinunua sabuni mpya ya kuoga. Jumatatu koo likamuuma, akapewa amoksilini kwa kemisti. Jumatano usiku tumbo na mapaja yakajaa vivimbe vya kuwasha, kama ameumwa na mbu hamsini. Akatupa sabuni. Dawa akaendelea kumeza.

Mimi nasema hivi: kabla hujatafuta wa kulaumu, angalia upele wenyewe unafanya nini. Chukua biro, chora duara kuzunguka kivimbe kimoja, kisha uandike saa. Vile vivimbe vya aleji huhama. Kimoja kinapotea ndani ya saa 24 bila kuacha alama, kingine kinaibuka mgongoni. Ngozi ikikataa sabuni, mambo ni tofauti. Upele unakaa palepale sabuni ilipogusa, mara nyingi unatokea siku moja au mbili baadaye, ngozi inakauka, inapasuka, wakati mwingine inatoa malengelenge madogo, na inaweza kukusumbua wiki kadhaa. Kama ni sabuni ya vyombo, utauona mikononi na katikati ya vidole. Na sisi wenye ngozi nyeusi tusingoje wekundu wa kwenye picha za mtandaoni. Papasa na kidole, uvimbe utausikia.

Yeye tulimchorea duara usiku huohuo. Asubuhi lilikuwa tupu, na vivimbe viko mikononi. Hapo ilikuwa wazi tuiache dawa na turudi kuuliza, lakini alikuwa ashameza dozi ya asubuhi. Nusu saa baadaye midomo imefura, sauti imekwaruza, anapumua kwa mluzi na anasema kichwa kinazunguka.

Jirani akaleta piritoni. Piritoni hutuliza muwasho, lakini koo linalofunga haliwezi. Kinachohitajika hapo ni sindano ya adrenalini kwenye paja, haraka. Tuliita teksi, tukamkalisha wima kwa sababu pumzi ilikuwa ngumu, na pale kasualti hawakutuuliza maswali mengi kabla ya kumdunga. Alilazwa hadi kesho yake, maana dalili zinaweza kurudi baada ya masaa.

Kuna upele mwingine wa dawa ambao hausubiri duara la biro. Huo unauma kuliko kuwasha, ngozi inachubuka, vidonda vinatokea mdomoni, macho yanawaka, na homa juu. Unaweza kuja hata wiki mbili baada ya kuanza dawa kama septrini. Acha dawa, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Rumeti sasa anatembea na kadi inayosema asipewe dawa za jamii ya penisilini. Ile sabuni aliinunua tena, na haijamfanya chochote.