Tusubiri Tuone

Kichaa cha mbwa kina tabia moja ambayo barazani imekataa kueleweka, nayo ni kwamba siku dalili zake zinapoonekana ndiyo siku ambayo tiba haina tena la kufanya. Karibu kila mtu aliyefikia hatua hiyo hufa, aghalabu katika siku chache au wiki mbili, hata akilazwa katika hospitali yenye kila chombo. Lakini mtu huyohuyo, endapo kidonda chake kingeoshwa vizuri na akachanjwa mara baada ya kuumwa, kifo hicho karibu hakika kisingemfika. Kwa hiyo maneno "tusubiri tuone", ambayo ni busara kwa mafua na kwa mawingu ya mvua, yanapotamkwa mbele ya mtu aliyeumwa na mbwa huwa ni maneno ya kumchimbia kaburi.

Wiki hii maneno hayo yalitamkwa mara tano kwenye lile baraza la kahawa ambalo wasomaji wa safu hii wanalifahamu, na aliyeyatamka, kama inavyoweza kukisiwa, ni fundi redio, yuleyule aliyewahi kuthibitisha kwamba shinikizo la damu huletwa na viatu vya plastiki. Mtoto wa miaka minane alikuwa anatoka chuoni, juzuu kwapani, alipokutana na mbwa asiyejulikana wa nani, ambaye alimuuma kwenye shavu la mguu bila kuchokozwa, kisha akaendelea na safari yake kama aliyetimiza ahadi. Palikuwa na matundu mawili na damu kidogo. Mama mzazi alipofika akihema, fundi redio alikuwa ameshaagiza pilipili na chumvi, akazisaga pamoja na machicha ya kahawa, na kwa vidole vyake mwenyewe akaanza kuyajaza matundu yale, huku mtoto akipiga kelele zilizosikika hadi sokoni na wazee wakimsifu kwa uvumilivu ambao hakuwa nao.

Laiti bomba lililo hatua kumi kutoka hapo lingetumika, mtoto angepata huduma ya kwanza ambayo hakuna daktari anayeweza kuibadilisha kwa nyingine bora zaidi. Kirusi cha kichaa cha mbwa, yaani kimelea kidogo mno kisichoonekana hata kwa hadubini ya kawaida, huingia mwilini pamoja na mate ya mnyama mgonjwa, na kwa nje kimefunikwa na utando mwembamba wa mafuta ambao sabuni huuvunja kama inavyovunja mafuta ya sufuria. Kirusi kikishavuliwa utando huo hakina uwezo wa kuingia popote. Ndiyo maana kidonda huoshwa kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, ambao ni mrefu kuliko wengi wanavyodhani, maji yakiachwa yapenye hadi ndani ya matundu, na baadaye hupakwa dawa ya kuua vijidudu yenye iodini au spiriti. Sabuni ya mche inatosha. Pilipili haiui kirusi. Kazi yake ni kuichubua nyama iliyokwisha kujeruhiwa, na kama ilivyotokea siku ile, kumfanya mtoto asikubali tena mtu yeyote akiguse kidonda chake.

Fundi redio alikuwa na hoja tatu, na hoja ya kwanza ilikuwa kwamba mbwa yule hakuwa na povu mdomoni, kwa hiyo alikuwa mzima. Mate ya mbwa huanza kubeba kirusi siku kadhaa kabla mbwa hajaonekana kuumwa, na wapo mbwa wagonjwa wasiotoa povu kabisa, wanaopooza taya na kujikunyata pembeni wakihurumiwa. Mbwa anayejulikana, anayeweza kufungwa na kutazamwa, hutazamwa kwa siku 10, na akiwa hai na mwenye afya siku hizo zikiisha, mate yake hayakuwa na kirusi siku alipouma. Lakini hata hapo chanjo huanza siku ileile, na huweza kukatishwa baadaye mbwa akithibitika kuwa mzima. Mbwa wa juzi alikuwa ameshakwenda zake, na asiyekuwepo hatazamwi.

Hoja ya pili ilikuwa kwamba mtoto alikuwa anacheza, hana homa, anakula. Hapa ndipo ugonjwa huu unapowadanganya watu wengi, na ni vizuri kufuatilia safari ya kirusi kuanzia shavu la mguu wa mtoto yule. Kikishaingia kwenye nyama, kirusi hakipiti kwenye damu, ambako askari wa mwili wangekiona na kutengeneza kingamwili, yaani chembe za protini zinazokinasa kimelea na kukizuia kuingia kwenye seli. Hubaki karibu na kidonda kwa muda, kikizaana polepole, kisha hushika ncha ya neva, ule uzi wa fahamu unaoiunganisha nyama na uti wa mgongo, na kupanda ndani yake kama abiria aliyejificha kwenye shehena, kwa mwendo wa sentimita chache kwa siku. Kutoka shavu la mguu hadi ubongoni kwa mtoto wa umri ule hakufiki mita moja na nusu, lakini kwa sababu ya kule kukawia mwanzoni, dalili kwa kawaida huchukua mwezi mmoja hadi mitatu kutokea, mara chache wiki moja tu, na mara chache zaidi mwaka mzima au kupita. Aliyeumwa usoni, shingoni au vidoleni, ambako neva ni nyingi au ubongo uko karibu, hana hata muda huo. Siku zote hizo mtoto hucheza na kula, naye fundi redio huonekana mkweli.

Muda huo wa ukimya ndio uliotoa nafasi ya chanjo inayotolewa baada ya mtu kuumwa, jambo ambalo ni nadra sana katika magonjwa mengine. Tarehe 6 Julai 1885 Louis Pasteur, mtaalamu wa Kifaransa aliyekuwa akifanya kazi Paris, alikubali mtoto wa miaka 9 kutoka Alsace, aliyeng'atwa mara nyingi na mbwa siku mbili kabla, adungwe dawa iliyotokana na uti wa mgongo wa sungura wagonjwa uliokaushwa; alidungwa sindano 13 kwa siku kadhaa, na hakuugua. Chanjo ya leo ni tofauti kabisa, lakini hesabu ni ileile: ni mashindano ya mbio, ambamo mwili unapaswa kuwa na kingamwili za kutosha kabla kirusi hakijaingia kwenye neva, na mwili unahitaji siku 7 hadi 14 kuzitengeneza.

Kirusi kikishafika ubongoni, mashindano yamekwisha. Ubongo umezungukwa na kizuizi kinachochuja kila kitu kinachotoka kwenye damu, na kizuizi hicho, ambacho kwa kawaida ni ulinzi, sasa huwa ukuta unaomlinda mwizi aliyekwisha kuingia ndani, kwa sababu kingamwili za chanjo hubaki nje kwenye damu. Kirusi chenyewe nacho hakiui seli za ubongo ovyo. Huzima kamsa ya protini ambazo seli iliyovamiwa hutumia kuziarifu nyingine, huziacha seli zikiwa zima kwa sura, na huvuruga kazi zake, hata daktari anayepasua ubongo wa marehemu mara nyingi hukuta uharibifu mdogo kuliko alivyotarajia. Mgonjwa huanza kwa homa na kuwashwa au kufa ganzi pale alipoumwa zamani, kisha hushindwa kumeza; akisogezewa kikombe cha maji koo hubana kwa maumivu makali kiasi kwamba baadaye huogopa hata kuyaona, na upepo wa feni tu humshtua. Wapo ambao hupooza kimya kimya kuanzia kwenye kiungo kilichoumwa, na hao hudhaniwa kuwa na ugonjwa mwingine. Wakati huohuo kirusi kinashuka kupitia neva hadi kwenye tezi za mate, kikitafuta mdomo mwingine wa kuumia.

Hoja ya tatu, iliyotolewa kwa sauti ya mtu anayefunga kesi, ilikuwa kwamba Marekani yuko aliyepona. Ni kweli: mwaka 2004 msichana wa miaka 15 katika jimbo la Wisconsin, aliyeumwa na popo na hakuchanjwa, alilazwa usingizi mzito kwa dawa ili ubongo upumzishwe huku mwili ukitengeneza kinga yake, naye akaishi. Utaratibu huo umejaribiwa kwa wengine mara nyingi tangu wakati huo, na karibu wote wamekufa. Fundi redio alipoulizwa kama baraza lina chumba cha wagonjwa mahututi, alisema chai imepoa.

Kilichomwokoa mtoto ni mama yake, ambaye hakuwa na hoja yoyote ila bodaboda. Kituoni muuguzi hakuuliza habari za mbwa kwanza; aliuliza, "Mama, umeshamwosha?" Mguu ukawekwa chini ya bomba kwa dakika 15 kwa saa ya ukutani, kidonda kikaachwa bila kushonwa, kwa kuwa kushona mapema huweza kukisukuma kirusi ndani zaidi, akachomwa na sindano ya pepopunda. Kisha alichanjwa siku hiyo, ambayo katika hesabu ya chanjo huitwa siku ya 0, kwa sindano mbili ndogo ndani ya ngozi ya mikono, sehemu ya juu, na atarudi siku ya 3 na siku ya 7. Mahali pengine chanjo huchomwa ndani ya msuli wa bega kwa siku nyingi zaidi, lakini matakoni haichomwi kamwe, kwa sababu mafuta ya hapo huipunguza nguvu. Zile sindano 21 za tumboni, ambazo wazee wa baraza walizisimulia kwa hofu ya kweli, zilikuwa za chanjo ya zamani. Kwa kuwa matundu yalitoa damu, mtoto alistahili pia immunoglobulini, yaani kingamwili zilizotengenezwa tayari, ambazo hudungwa ndani na kuzunguka kidonda ili zikilinde hadi zile za mwili ziwe tayari. Dawa hiyo ni ghali na ilibidi ifuatwe hospitali kubwa kesho yake, jambo linalokubalika mradi siku 7 tangu chanjo ya kwanza hazijapita, na kukosekana kwake si sababu ya kuahirisha maji wala chanjo.

Fundi redio hakuwepo wakati mtoto anaondoka. Katikati ya hoja ya tatu alikuwa amejisahau akajifuta jicho kwa vidole vilevile vilivyosaga pilipili, akakimbilia lile bomba la hatua kumi, na wanabaraza walihesabu zaidi ya robo saa akiwa ameinama pale, sabuni mkononi, maji yakitiririka, bila kushauriwa na mtu yeyote asubiri aone.