Mama Anapokonda, Tuangalie Miguu

Mama mmoja wa chama chetu, mwenye miaka 67, aliambiwa na munganga apunguze kilo sababu ya tansyo na magoti. Akaacha kula asubuhi na jioni, akabaki na bukari na sombe ya mchana tu. Kwa miezi miwili akatoka kilo 88 hadi 79. Tukamsifu sana. Kisha siku moja kwenye mkutano tukaona hawezi kuinuka kitini bila kusukuma meza.

Mizani haitofautishi mafuta na misuli. Mtu wa zaidi ya miaka 60 akishinda njaa, mwili unakula vyote viwili, na misuli inarudi kwa shida kuliko mafuta. Tulimsifu kwa kupoteza miguu yake!

Tukaanza upya naye. Alirudia milo mitatu: bukari nusu ya ile ya zamani, mafuta ya ngazi kidogo, lakini kila mara ndagala, maharagi au yai. Tulitaka apunguze nusu kilo kwa wiki, si zaidi.

Kiti tulikiegemeza ukutani. Kwa kuwa hakuweza kuinuka, tuliweka juu yake blanketi lililokunjwa na kubanwa vizuri, ili kikao kiwe juu. Miguu chini yote, visigino nyuma kidogo ya magoti, kifua mbele, ndipo anainuka akihesabu mbili na kukaa polepole akihesabu nne. Kule kukaa polepole ndiko kunajenga mapaja. Wengi wanajiangusha tu. Mara 8, pumziko, tena mara 8, siku tatu kwa wiki. Kwa mikono aliinua chupa za maji za nusu lita. Mwishoni alisimama nyuma ya kiti, mguu mmoja mbele ya mwingine, vidole vikigusa kisigino, sekunde 10, mkono karibu na kiti.

Tusidanganyane: kazi ya kiti haichomi mafuta mengi. Chakula ndicho kinapunguza mafuta, kiti kinalinda miguu. Kwa hiyo tunapima kwa kamba mbili, ya kiuno na ya ndama ya mguu. Ya kiuno ifupike, ya mguu isifupike. Ikifupika, chakula kimepungua mno.

Mwenye dawa za sukari au tansyo aone munganga kwanza, maana kipimo cha dawa kinaweza kuhitaji kupunguzwa. Mwenye ugonjwa wa figo aulize kuhusu maharagi na samaki. Kifua kikiuma au kizunguzungu kikija, acha mara moja.

Baada ya wiki nane amepunguza kilo 3, na blanketi limeondoka. Mikono kifuani, anainuka mara 6 kwa sekunde 30. Kwa mwanamke wa umri wake, chini ya mara 11 ni dalili ya hatari ya kuanguka, kwa hiyo bado anaendelea.