Ile 6.0 ya kwa bango haikuwa 6.0

Kila mwaka matokeo ya KCSE yakitoka, Garissa inajaa mabango. Unatoka msikitini, bango. Unaenda kununua maziwa, bango. Picha za wale watoto wawili watatu waliofanya vizuri zaidi, na chini yake namba moja kubwa nyekundu: wastani wa shule. Wazazi wanaipiga picha, inaenda kwa makundi ya WhatsApp, na kufikia jioni mtu ameshaamua mtoto wake ataenda wapi.

Mimi nina shida na hiyo namba. Si ati nachukia shule. Ndio, niliacha chuo mwaka wa pili, najua mtaniambia niko na uchungu. Lakini hii si uchungu, ni hesabu ya kugawanya tu, na imetugharimu mbuzi.

Ilikuwa hivi. Kuna shule moja ya hapa mjini, sitaitaja, iliyoweka bango la 6.0. Kwa wale wamesahau: KCSE ina gredi 12, A ni pointi 12, inashuka moja moja mpaka E ambayo ni 1. Kwa hivyo 6 ni C wazi. Kwa huku kwetu hiyo si namba ya kudharau. Ndugu yangu mdogo alikuwa amemaliza pale pale akapata D+, na hooyo akajilaumu, eti kama shule nzima iko C, basi mtoto wake ndiye hakusoma. Wakati huo huo alikuwa amepanga kumpeleka dada yetu hapo hapo, na mbuzi wa karo walikuwa wameshachaguliwa.

Siku ya kuulizia nafasi nilimsindikiza. Nikamuuliza karani, bila ubaya wowote, hiyo 6.0 mliipata aje? Akanionyesha kwa kompyuta. Kidato cha nne kilikuwa na strimu mbili. Mashariki ilikuwa na wastani wa 8.0. Magharibi ilikuwa na 4.0. Nane jumlisha nne ni 12, gawanya kwa mbili, sita. Kwa skrini ilikuwa imeandikwa hivi:

```
=AVERAGE(B2:B3)
```

Nikamuuliza, kila strimu ina watoto wangapi? Akaandika nyuma ya risiti: 18 na 62.

Nilimwonyesha abti hiyo risiti jioni. Abti ananunua na kuuza mbuzi soko la mifugo, shule aliachia darasa la nne. Nilianza kumweleza kwa maneno makubwa akanikata. "Abti, nikiuza mbuzi wawili kwa 12,000 kila mmoja, halafu kumi kwa 6,000 kila mmoja, nimeuza kwa bei gani?" Nikapiga: 24,000 na 60,000 ni 84,000, mbuzi ni 12, kwa hivyo 7,000. Akasema, "Sasa dalali akikuambia bei ya leo ilikuwa 9,000 kwa sababu ni katikati ya 12,000 na 6,000, utamwita nani?"

Hapo kila kitu kimesemwa. Wale wawili wa bei kali hawawezi kuvuta bei kama wale kumi. Kila bei inabeba uzito wa mbuzi walionunuliwa kwa hiyo bei. Ndiyo maana inaitwa wastani wenye uzito.

Turudi shule. Watoto 18 wenye wastani wa 8.0 wana jumla ya pointi 144. Watoto 62 wenye wastani wa 4.0 wana pointi 248. Jumla ni 392, watoto ni 80. Gawanya: 4.9. Hiyo ni C- ya kuchechemea, si C. Kwa kompyuta, ukiwa na wastani kwa safu ya B na idadi ya watoto kwa safu ya C, unaandika hivi badala ya ile ya kwanza:

```
=SUMPRODUCT(B2:B3,C2:C3)/SUM(C2:C3)
```

Karani hakudanganya, na hilo nataka mlielewe. 8.0 ni kweli, 4.0 ni kweli, na katikati ya nane na nne kweli ni sita. Ila hiyo sita ni jibu la swali lingine. Ni wastani wa strimu, kana kwamba strimu ndiyo iliyofanya mtihani. Mtoto mmoja wa Mashariki amehesabiwa zaidi ya mara tatu ya mtoto mmoja wa Magharibi, kwa sababu 62 ukigawanya kwa 18 ni tatu na kitu. Na huyo wa Magharibi ni ndugu yangu.

Sasa ngoja, kuna kitu kibaya zaidi, na hiki ndicho kilinifanya niandike.

Ile Mashariki ilikuwa hivi: watoto wanne walipata B+, wanne B, wanne B-, halafu wawili C+, wawili C, wawili C-. Jumlisha mwenyewe, ni 144. Sasa tuseme, mfano tu, kabla ya kujaza hiyo kompyuta mtu aamue wale sita wa mwisho wahesabiwe Magharibi. Mashariki inabaki na watoto 12 wenye pointi 108, wastani unapanda kutoka 8.0 mpaka 9.0. Magharibi nayo inapokea watoto sita wenye pointi 36, inakuwa na watoto 68 na pointi 284, wastani unapanda kutoka 4.0 mpaka 4.18. Soma tena. Strimu zote mbili zimepanda, na hakuna mtoto hata mmoja aliyeongeza pointi. Mtihani ulishaisha, karatasi zimeshasahihishwa, kilichohama ni majina tu.

Ukipiga katikati ya 9.0 na 4.18 unapata 6.59. Bango jipya! Na ukirudi kwa hesabu ya abti, bado ni pointi 392 kwa watoto 80. Bado 4.9.

Hii inafanya kazi kwa sababu wale sita wako chini ya wastani wa Mashariki lakini juu ya wastani wa Magharibi. Wakitoka, huku kunapanda. Wakiingia, kule kunapanda. Kwa hivyo ukiona shule inatangaza kila strimu imeimarika, uliza kwanza kama watoto ni wale wale waliokuwa kwa hiyo strimu mwanzo wa mwaka.

Inaweza pia kwenda upande mwingine. Tuseme ile Magharibi ya watoto 62 ingegawanywa mara mbili, 31 huku na 31 kule, kila moja na wastani wa 4.0. Sasa kuna strimu tatu: 8, 4 na 4. Jumla 16, gawanya kwa tatu, 5.33. Watoto wale wale, majibu yale yale, na bango limeshuka kwa sababu umejenga ukuta katikati ya darasa. Hiyo namba haipimi watoto, inapima kuta.

Na huku Kaskazini Mashariki kuta zinahama sana. Mwaka wa 2018, baada ya mashambulizi, TSC iliwahamisha walimu wengi wasio wenyeji, na shule nyingi za Mandera, Wajir na Garissa zikabaki na walimu wachache. Ukiwa na mwalimu mmoja wa kemia, hugawanyi darasa, unaliunganisha. Kwa hivyo kwetu strimu ya watu 60 kando ya strimu ya 18 si kioja. Kule ambako kila darasa lina watoto 45, wastani wa wastani unatoka sawasawa na wastani wa kweli, na hakuna mtu atagundua tofauti. Kosa hili linauma pale madarasa hayalingani, yaani hapa kwetu.

Kitu kingine. Ile pesa ya serikali ya sekondari ya kutwa, kiwango chake kiliwekwa shilingi 22,244 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Kwa mwanafunzi. Sijawahi kusikia mwalimu mkuu akiandika barua kwamba shule yake ihesabiwe kwa strimu. Wakati wa pesa tunahesabu vichwa, wakati wa sifa tunahesabu milango.

Mtu ataniambia wastani wa wastani una kazi yake. Sawa, nakubali. Kama unataka kujua darasa la kawaida likoje, au unalinganisha walimu na kila mwalimu ana darasa lake, basi kila darasa lihesabiwe mara moja. Shule ya watahiniwa 15 kule Hulugho ikichanganywa kwa vichwa na shule ya mjini yenye 200, itamezwa kabisa, hutaisikia. Kwa hivyo ukitaka kujua shule za kaunti ziko vipi, hesabu shule. Ukitaka kujua watoto wa kaunti wako vipi, hesabu watoto. Mzazi anayelipa karo anauliza habari ya mtoto.

Na hata hiyo 4.9 isiwalaze usingizi. Ni kweli kwa shule nzima, lakini hakuna strimu inayoishi hapo. Moja iko nane, nyingine iko nne, na katikati kuna shimo. Watoto waliopata C+ kwenda juu, ile ya kuingilia digrii, walikuwa 17 kati ya 80. Kumi na wanne walitoka Mashariki. Watatu walitoka Magharibi. Mimi ningeweka hiyo kwa bango.

Kama shule yenu imekataa kutoa idadi, omba ile orodha ya gredi, A ngapi, A- ngapi, mpaka E. Zidisha kila gredi kwa pointi zake, jumlisha, gawanya kwa watahiniwa wote. Dakika tano kwa simu. Ama fanya kinyume: 6.0 mara watoto 80 ni pointi 480. Shule ilikuwa na 392. Ukikosa pointi 88, uliza zimeenda wapi.

Niliweka hesabu hii kwa kundi la wazazi. Mmoja akaniambia niheshimu walimu. Mwingine akanitumia kimya kimya namba za shule ya watoto wake niangalie. Ndugu yangu alisoma yote, akaniuliza kitu kimoja tu: kwa hivyo D+ ndiyo ilikuwa kawaida ya darasa letu? Nikamwambia ndiyo. Hakusema kitu, lakini jioni alikula.

Hooyo bado anataka kumpeleka dada yetu hapo, kwa sababu ni karibu na nyumbani. Mbuzi wameshauzwa. Ila kabla ya kulipa alirudi kwa yule karani na kumuuliza mtoto atakaa strimu gani. Karani akasema hiyo huamuliwa baadaye. Hooyo akarudisha pesa kwa mkoba.