Nyongeza ya Mshahara Haiombwi kwa Malalamiko

Mwalimu wa serikali huko Kisii au Nyamira hawezi kwenda peke yake kudai nyongeza. Mshahara wake huamuliwa kwa mkataba wa pamoja baina ya vyama vya walimu na TSC. Mwenzake wa shule ya kibinafsi hujitetea mwenyewe, na kwa maoni yangu wengi hushindwa kwa kuleta ushahidi usiofaa.

Wastani wa KCSE pekee hautoshi, kwani mwenye shule atasema wanafunzi walikuwa hodari tangu awali. Tuchukue mfano wa mwalimu wa Kiswahili anayelipwa Sh18,000. Alilipokea darasa la kidato cha tatu likiwa na wastani wa alama 4.8, katika KCSE likapata 6.1. Masomo mengine ya darasa lilo hilo yalipanda kwa 0.2 tu. Tofauti hiyo ndiyo jasho lake.

Ulinganisho wa malipo nao una mtego. Akitaja mshahara wa TSC, ataambiwa kuwa hazina ya serikali si karo ya wazazi. Heri atafute shule jirani za kibinafsi zenye karo na idadi ya wanafunzi zinazokaribiana na za kwake. Zikilipa baina ya Sh21,000 na Sh23,000, aombe Sh22,000 kwa barua, kabla bajeti ya mwaka mpya haijapitishwa.

Akiambiwa fedha hazipo, aulize ombi litafikiriwa tena lini na kwa sharti gani, kisha jibu hilo liandikwe.