Uchawi Pekee Hautoshi

Mhakiki mmoja amewashauri waliomaliza kutazama tamthilia ya "Miaka Mia Moja ya Upweke", iliyoanza kuonyeshwa Netflix Desemba 2024, wasome "Nagona" ya Kezilahabi, kwa kuwa zote mbili zina maajabu. Hapo amekosea. "Nagona" ni riwaya nzuri, lakini ni safari ya kifalsafa ya mtu anayeisaka maana. Haina nyumba, haina ukoo, wala bibi anayewalisha wote.

Mtazamaji wa tamthilia hiyo hakunaswa na maajabu peke yake. Katika riwaya ya García Márquez iliyoizaa, mzimu wa Prudencio Aguilar unapohangaika kutafuta maji ya kuoshea kidonda chake, Úrsula, mama wa ukoo, anautegea mabakuli ya maji nyumbani kote. Anauhurumia kama mgeni mwenye shida. Ladha ni hiyo: ajabu linapokewa kama jambo la kawaida, huku vizazi vikipita chini ya paa moja.

Anayeitaka ladha hiyo tena aanze na "Nyumba ya Mizimu" ya Isabel Allende, ya mwaka 1982. Humo Clara anasogeza kidau cha chumvi mezani bila kukigusa, na maisha ya familia yanaendelea. Ajue tu kwamba kurasa za mwisho zina mapinduzi ya kijeshi na mateso.

Akitaka Kiswahili, "Babu Alipofufuka" ya Said Ahmed Mohamed itamfaa kwa sehemu: mfu anarudi kwa mjukuu wake. Ila babu huyu hakuja kuomba maji, amekuja kushtaki.